Jora la Tatu: Kumwandikia Muuzaji wa Vitambaa Rangi Zinapopishana

Tuseme una duka la mavazi Mwanza. Kamati ya sendofu imekuagizia magauni 48 ya sare, krepe ya rangi ya damu ya mzee. Rangi uliichagua kwenye kipande cha sampuli ulichotumiwa na muuzaji wa jumla wa Kariakoo, ukalipia majora matatu ya mita 50, na mzigo ukapanda basi mpaka kwako. Gauni moja linakula mita tatu, kwa hiyo kila jora linatoa magauni 16 na kubakiza mita mbili. Hesabu imekaa sawa bila gauni la ziada. Unafungua nailoni ya jora la kwanza: ndiyo yenyewe. La pili: ndiyo yenyewe. La tatu ukililaza juu ya mengine, linaelekea zambarau.

Si sana. Mtu akipita mtaani na gauni la jora hilo peke yake, hakuna atakayeona kitu. Lakini sare haivaliwi na mtu peke yake. Siku ya ukumbi watasimama wanawake 32 wa rangi moja na 16 wa rangi nyingine, mpiga picha atawapanga bega kwa bega, na simu ya lawama itaingia kwako, haitaingia Kariakoo.

Hapo ndipo inapohitajika barua. Wengi huanza na sauti ya Watsapu yenye hasira, kisha hujikuta siku tatu baadaye wakibishana juu ya nani alisema nini. Barua nzuri ni fupi na haina hasira, na nguvu yake inatokana na kazi uliyoifanya kabla hujaiandika.

Mkasi ukae mezani

Kabla ya yote, mwambie fundi mkataji asiguse jora lolote, hata yale mawili mazuri. Atakuuliza kwa nini asianze na mazuri wakati unasubiri. Sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ina asili moja na ile ya Kenya, Sura ya 31: zote zilifuata sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, na katika jambo hili zinakubaliana. Bidhaa ikiuzwa kwa sampuli, mzigo wenyewe unatakiwa ulingane na sampuli, na mnunuzi apewe nafasi ya kutosha ya kuulinganisha. Usipolingana, unaweza kuukataa. Ila haki hiyo ya kukataa inapotea ukishaupokea kama mali yako, na kupokea hakuhitaji maneno. Ukifanya jambo ambalo mwenye mali tu ndiye hulifanya, kama kukata magauni, au ukikaa na mzigo kimya kupita muda wa kawaida, umeshaukubali. Baada ya hapo unaweza kudai fidia, lakini huwezi kumrudishia mtu jora lililokwisha kuwa mikono na makola.

Sababu ya pili inahusu kitambaa chenyewe, na ndiyo inayowaponyoka wengi: huenda ukalazimika kurudisha majora yote matatu, yakiwemo yale mazuri. Nitalirudia hili mbele.

Unachoruhusiwa kukata ni kipande chembamba cha kulinganishia, sentimita 20 mwanzoni mwa kila jora, upana mzima wa kitambaa kutoka ukingo hadi ukingo. Huo ni ukaguzi, na katika mfano wetu kipande hicho kinatoka kwenye zile mita mbili za masalia. Hata hivyo utakitaja kwenye barua, ili asije akasema alirudishiwa jora pungufu.

Hakikisha ni loti, si macho

Muuzaji mzoefu amesikia malalamiko mengi ya rangi ambayo hayakuwa ya rangi. Ukimpelekea moja la namna hiyo, barua yako inayofuata haitasomwa kwa makini. Kwa hiyo ondoa kwanza sababu nyingine.

Angalia uso na mgongo wa kitambaa. Krepe nyingi zina upande mmoja unaong'aa kidogo kuliko mwingine, na kiwandani jora moja linaweza kuviringishwa uso ukiwa nje na jingine uso ukiwa ndani. Kisha angalia mwelekeo: weka vipande vyote vikiwa vimetazama upande mmoja, mwanzo wa jora juu. Kwa krepe kosa la mwelekeo ni dogo, lakini kwa satini linaonekana, na kwa mahameli kipande kile kile kikigeuzwa juu chini kinaonekana rangi nyingine kabisa. Na kama umevipiga pasi, acha vipoe. Joto hubadilisha baadhi ya rangi kwa muda, nazo hurudi zikishapoa.

Sasa weka kipande cha jora la tatu kando ya kipande cha jora la kwanza, kingo zikigusana bila nafasi katikati, juu ya karatasi nyeupe. Nafasi ya kidole kimoja tu inatosha kuficha tofauti. Tazama kwanza kivulini mchana, si kwenye jua kali, halafu chini ya taa za dukani, halafu chini ya balbu ya mwanga wa njano kama ile ya ukumbini. Usikodolee macho muda mrefu, kwa sababu jicho likizoea wekundu huacha kuona tofauti ndogo. Tazama, geuka, tazama tena. Mwite na mtu mwingine ambaye hujamwambia jora lipi ni lipi, umwombe akuonyeshe lililo tofauti.

Taa zina maana kubwa hapa. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa na kuachana juani, kwa kuwa vimefika kwenye damu ya mzee kwa mchanganyiko tofauti wa rangi. Muuzaji huko Kariakoo anaweza kuwa aliyalinganisha majora yake vizuri sana ndani ya duka lisilo na dirisha, akayaona mamoja, na hakusema uongo. Barua ikitaja ni katika mwanga gani tofauti inaonekana, humpa nafasi ya kutoka nje na kujionea mwenyewe.

Jambo la mwisho: kunja kile kipande cha upana mzima cha jora la tatu, ukingo wa kushoto uguse katikati, kisha uguse ukingo wa kulia. Kama rangi inatofautiana ndani ya kipande hicho hicho, una tatizo lingine: jora lina kasoro ya upakaji rangi, na halifai hata peke yake. Kama ni rangi moja kote, jora ni zima, ila ni la loti nyingine. Tofauti ya malalamiko haya mawili ni kubwa. La kwanza linasema bidhaa ni mbovu. La pili linasema umechanganyiwa bidhaa.

Namba ya loti utaikuta kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya nailoni au ndani ya bomba la karatasi lililoviringiwa kitambaa. Ipige picha kabla nailoni haijatupwa. Katika mfano wetu majora mawili yana 0417 na la tatu lina 0452, na hapo ubishi mwingi umekwisha. Kama karatasi hazipo, maana maduka mengi huzibandua, utategemea vipande peke yake, na vinatosha.

Omba loti, usiombe rangi

Krepe ya poliesta hupikwa kwenye mtambo uliofungwa, maji yakiwa kwenye nyuzi joto 130 hivi, kilo mia kadhaa za kitambaa kwa mpigo mmoja. Mpigo huo ndio loti. Damu ya mzee hupatikana kwa kuchanganya rangi, aghalabu nyekundu, ya njano na ya buluu, na kila moja huingia kwenye uzi kwa kasi yake. Joto likipanda upesi kidogo, maji yakiwa na chumvi nyingine, au buluu ikizidi kwa kiasi kidogo sana, kitambaa kinaelekea zambarau. Njano ikizidi, kinaelekea kahawia. Ni kama pilau: mpishi yule yule, viungo vile vile, lakini sufuria ya Ijumaa si ya Jumapili. Kiwanda hujitahidi tofauti ibaki ndogo, lakini hakiwezi kuifuta.

Muuzaji wako hakupaka rangi yoyote. Yeye alipokea kontena lenye loti kadhaa za rangi yenye jina moja, akapanga majora kwenye shubaka moja, na kijana wa stoo akachukua matatu ya juu. Kwa hiyo ukimwandikia kwamba amekuuzia kitambaa kibovu, atajitetea, tena kwa haki. Mwandikie kosa lake halisi: umeagiza mzigo wa sare, ametuma loti mbili.

Kutoka hapo ndipo ombi lako linapopata sura. Ukiandika "naomba jora lingine linalofanana", utapelekewa jora ambalo yeye ameliona linafanana, na linaweza kuwa la loti ya tatu. Sasa utakuwa na magauni 32 ya rangi moja na 16 yaliyo kahawia badala ya zambarau, na wiki imeshapita. Ombi sahihi lina ngazi mbili. Kama bado ana jora la loti 0417, alete hilo. Kama loti 0417 imekwisha, hakuna jora jingine duniani la kuoana na yale mawili kwa uhakika; njia iliyobaki ni kubadilisha yote matatu kwa majora matatu ya loti nyingine moja, mradi inalingana na sampuli. Ndiyo maana mkasi haukugusa yale mazuri. Ungekuwa umeshakata magauni 32, ngazi ya pili isingekuwepo.

Ombi pia linahitaji tarehe, na tarehe haipatikani kwa kukisia. Anza na siku ya shughuli urudi nyuma. Sendofu ni tarehe 5 Aprili, magauni yatoke dukani tarehe 2. Una mafundi watatu, kila mmoja anashona magauni mawili kwa siku, yaani sita. 48 ni siku nane. Ongeza siku mbili za kukata na mbili za kujaribisha na kurekebisha, jumla siku 12 za kazi. Ukitoa Jumapili, kukata lazima kuanze tarehe 20 Machi. Kitambaa kiwe dukani tarehe 19. Basi kutoka Dar hadi Mwanza linachukua karibu siku nzima, na kabla ya hapo unataka kipande cha kuidhinisha ambacho nacho kitasafiri. Hivyo jibu lake lazima lije tarehe 14.

Barua yenyewe

*Mwanza, 12 Machi*

*Ndugu,*

*YAH: TOFAUTI YA LOTI KATIKA KREPE YA DAMU YA MZEE, MAJORA 3, ANKARA YA TAREHE 7 MACHI*

*Salaam. Mzigo wa majora matatu ya krepe nimeupokea jana, tarehe 11 Machi, nailoni zikiwa hazijachanika. Nakushukuru kwa kuutuma mapema.*

*Majora mawili yana loti namba 0417, na rangi yake inalingana na sampuli uliyonitumia tarehe 3 Machi. Jora la tatu lina loti namba 0452 na linaelekea zambarau. Nimeyalinganisha yakiwa na uso na mwelekeo mmoja. Tofauti inaonekana kivulini mchana na chini ya balbu ya njano. Chini ya taa nyeupe za dukani ni ndogo zaidi. Rangi ya jora la tatu ni moja kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo sisemi ni bovu. Ninachosema ni kwamba si loti moja na mengine, wala halilingani na sampuli.*

*Kama nilivyoandika katika oda yangu, kitambaa hiki ni cha sare ya watu 48 watakaosimama pamoja, na siwezi kukitumia kikiwa cha rangi mbili. Sijakata jora lolote isipokuwa kipande cha sentimita 20 mwanzoni mwa kila moja. Naambatanisha nusu ya kila kipande, kila kimoja kikiwa na namba ya loti yake, pamoja na nusu ya sampuli yako. Nusu zilizobaki ninazo.*

*Naomba unibadilishie kwa mojawapo ya njia hizi:*

*Kwanza, kama una jora la mita 50 la loti 0417, nitumie hilo, nami nirudishe la loti 0452.*

*Pili, kama loti 0417 imekwisha, nitumie majora matatu ya loti nyingine moja inayolingana na sampuli, nami nirudishe yote matatu.*

*Kwa njia yoyote utakayochagua, naomba kwanza unitumie kwa basi kipande cha sentimita 20, upana mzima, kutoka kwenye jora utakalotuma, kikiwa na namba yake ya loti. Nitakujibu siku ile ile kitakapofika. Gharama za basi za kipande, za badiliko na za kurudisha mzigo naomba ziwe kwako.*

*Mafundi wanaanza kukata tarehe 20 Machi, hivyo badiliko linatakiwa kufika Mwanza si baada ya tarehe 19. Naomba jibu lako kufikia tarehe 14 Machi. Ikiwa huna kitambaa kwa njia zote mbili, nijulishe kufikia tarehe hiyo hiyo na unirudishie shilingi 975,000 nilizolipa, ili niwahi kununua kwingine. Majora yote nimeyafunga tena na yako salama dukani kwangu.*

*Wako katika biashara,*

*Mwenye duka*

Kwa nini imeandikwa hivyo

Utaona haina "husika na kichwa cha habari hapo juu". Sentensi hiyo tumeirithi kutoka ofisi za serikali, na kwa mfanyabiashara mwenye wateja watano kaunta inamchelewesha tu. Haina pia kitisho cha mahakama wala kifungu cha sheria. Sheria umeitumia tayari kwa vitendo: umekagua mapema, hukukata, umemjulisha siku ya pili, umesema wazi unakataa nini. Akijibu kwa ukaidi, ndipo utaitaja katika barua ya pili, na siku hiyo barua ya kwanza itakuwa ushahidi wako. Kwa sasa unataka kitambaa kufikia tarehe 19, na mtu aliyetishiwa huanza kutafuta ushauri badala ya kutafuta jora.

Ile aya inayokiri kwamba jora la tatu si bovu inaonekana kama inampa nguvu. Kwa kweli inamfungulia mlango: jora hilo anaweza kumuuzia mteja mwingine kesho kwa bei ile ile, kwa hiyo kulipokea hakumtii hasara zaidi ya nauli ya basi. Ungeliita bovu, angepaswa kulikubali kama bovu au kukubishia.

Tofauti ndogo chini ya taa za dukani nayo imesemwa kwa makusudi. Angeigundua mwenyewe. Ukiitaja wewe, hawezi kuigeuza hoja.

Barua ipige picha uitume Watsapu siku hiyo hiyo, kwa kuwa tarehe ndiyo inayohesabiwa, lakini yenyewe iliyosainiwa ipande basi pamoja na vipande. Usitegemee picha ya kitambaa kuthibitisha rangi. Kamera ya simu hurekebisha mwanga yenyewe, na damu ya mzee ni miongoni mwa rangi inazozikosea sana. Picha pekee yenye faida ni ile yenye vipande viwili vinavyogusana juu ya karatasi nyeupe ndani ya fremu moja. Hiyo haionyeshi rangi halisi, ila inaonyesha kwamba vimepishana.

Majibu utakayopata

Jibu la kwanza la kutegemea ni "dada, zikifuliwa zitafanana". Hazitafanana. Rangi ya poliesta imeshaingia ndani ya uzi kwa joto kali, na kufua hakusogezi loti mbili zikutane. Mjibu kwa upole kwamba vipande viko njiani avitazame nje ya duka.

Jibu la pili ni kukuonyesha maandishi ya risiti: mali ikishauzwa haitarudishwa. Maneno hayo yanaweza kukubana kama mlikubaliana juu yake kabla hujalipa, maana sheria inawaachia wanaouziana kupanga masharti yao. Yakiwa yamechapwa tu chini ya risiti uliyopewa baada ya fedha kutoka, una la kujibu: hujabadili mawazo kuhusu bidhaa uliyoichagua, unakataa bidhaa isiyolingana na sampuli aliyoitoa yeye.

La tatu ni punguzo. "Baki nalo, nakupunguzia 60,000." Jora ni shilingi 325,000, kwa hiyo si ofa ya kudharau, lakini jiulize litakwenda wapi. Kama una kazi nyingine inayosimama peke yake, kwa mfano magauni ya mama wakubwa wa upande wa pili watakaokaa meza nyingine, chukua punguzo na bado udai jora la loti 0417. Usikubali kulitumia kwa mikanda au vilemba vya sare ile ile. Rangi mbili zilizo mbali zinaonekana zimechaguliwa. Rangi mbili zilizokaribiana zinaonekana fundi amekosea.

Na kama mkibishana kabisa, yeye anasema ni moja na wewe unasema ni mbili, maabara za nguo hutumia kipimo cha kijivu cha ISO 105-A02, chenye ngazi kutoka 5, yaani hakuna tofauti, hadi 1. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya nguo. Kwa jora moja la 325,000 na shughuli ya wiki tatu mbele, binafsi nisingekwenda huko. Ningedai fedha na kununua kwingine. Kwa oda ya sare ya shule yenye majora 40, ningekwenda.

Badiliko likifika

Anasema amepata jora la 0417 stoo. Kipande kinafika tarehe 15, unakilaza kando ya nusu uliyobaki nayo ya loti 0417, si kando ya sampuli peke yake wala kando ya kumbukumbu yako, na unapitia tena mwanga ule ule wa aina tatu. Ukiridhika, andika ujumbe wa kukubali wenye namba ya loti. Jora likifika, linganisha tena na kipande hicho kabla hujasaini, kisha lifungue mita tano sita ndani ulinganishe na mwanzo wake, kwa kuwa kuna majora yanayobadilika rangi polepole kadiri unavyoingia katikati. Pima urefu. Ndipo umrudishie la 0452, likiwa na picha yake na maandishi kwamba lina mita 50 kasoro sentimita 20.

Sasa fundi akate, kwa sharti moja. Hata majora ya loti moja yanaweza kuwa na unywele wa tofauti, kwa hiyo kila gauni litoke kwenye jora moja tu. Wakataji hupenda kupanga tabaka kutoka majora yote na kukata mikono yote kwa pamoja, halafu vipande vikachanganyika mezani. Mwambie aandike kwa chaki namba ya jora na namba ya gauni kwenye mgongo wa kila kipande, mikono na kola pia.

Kwa oda ijayo ya sare, andika mstari mmoja kabla ya kulipa: "Majora yote yawe ya loti moja, na namba ya loti iandikwe kwenye ankara." Na ongeza mita sita za loti hiyo hiyo. Kila kamati ina wajumbe wawili wanaomaliza mchango wao wiki ya mwisho, na wote wawili watataka gauni.